Ukuta wa USHIRIKA: herufi zishikane wapi, ziachane wapi

*"Mwalimu, habari za kazi. Nimepata kazi ya halali, barua ninayo mkononi: ukuta wa ghala la chama cha ushirika, Moshi, mita 14 kwa 2.8, pembeni ya barabara ya lami. Wanataka neno moja tu, USHIRIKA, kwa mtindo wa grafiti. Nimewapelekea mchoro wa waildstaili, herufi zote zimeshikana, mishale ipo, unene upo. Kamati imekwama. Mjumbe mmoja kasoma 'USAIRIRA'. Mwenyekiti anasema niandike herufi za kawaida kama za bango la duka. Mimi naona wakitaka hivyo wamwite mchora mabango. Je, niongeze mistari ya nje iwe minene ili isomeke, au nibadilishe mtindo wote? Herufi zinaweza kuungana na bado mpita njia akasoma?"*

Zinaweza, ndugu yangu. Ila mistari minene ya nje haitakuokoa, na kwa mchoro ulionielezea huenda ikaharibu zaidi. Nitakueleza sababu. Kwanza lakini tumshukuru huyo mjumbe aliyesoma USAIRIRA, maana amekufanyia kazi ambayo wewe, mimi na mwenyekiti hatuwezi kuifanya. Sisi neno tunalijua tayari. Macho yetu yakikutana na nguzo mbili zenye kitu katikati, akili inatuletea H bila kuuliza. Yeye hakupewa neno, akasoma kilichochorwa, akakosea mahali pawili: H kaiona A, K kaiona R. Makosa hayo hayakuja kwa bahati mbaya.

Chukua kalamu uandike A, H, R na K kwa mifupa tu, mstari mmoja mmoja bila mapambo. Zote nne zina miguu miwili chini na kitu kinachokutana katikati. Ukifunika nusu ya juu kwa kiganja, kilichobaki kinafanana sana. Kinachozitenganisha kipo juu: H iko wazi, A imefunga kwa ncha, R ina jicho na bega la mviringo, K ina mkono uliofunguka kwenda kulia. Waildstaili inapenda kuziba sehemu ya juu kwa upau au mshale ili neno lionekane kama jengo moja. Ukiifunga H juu, umechora A yenye kichwa bapa. Ukiupindisha mkono wa K urudi kugusa nguzo yake, umechora R. Mjumbe wako amesoma sawasawa, mchoro ndio uliosema kitu kingine.

Hapo niseme neno juu ya mtindo wenyewe, maana wengi wetu tumejifunzia kwenye picha za treni za New York bila kuuliza nani alikuwa msomaji wake. Miaka ya mwanzo kule majina yalikuwa yanasomeka kabisa: TAKI 183, kijana aliyeandikwa na gazeti mwaka 1971, aliandika jina na namba ya mtaa wake kwa herufi ambazo mtu yeyote angezisoma. Kufungamana kwa herufi kulikuja baadaye, waandishi walipoanza kushindana wao kwa wao, na msomaji aliyekusudiwa akawa mwandishi mwenzao aliyelijua jina tayari. Kwa hiyo mtindo huo haukukosea, ulikuwa na wasomaji wake. Wasomaji wako ni abiria wa daladala, mama anayetoka sokoni na mtoto wa shule, na hakuna hata mmoja aliyepewa jibu mapema. Hata matatu za Nairobi, zilizojaa grafiti kuanzia boneti hadi nyuma, namba ya njia huwekwa wazi, kwa sababu abiria ana sekunde chache za kuamua kupanda.

Sasa tuje kwenye ukuta wako, kwa sababu una tatizo ambalo karatasi haikuonyeshi. Unachora ukiwa umeukabili mchoro uso kwa uso. Mpita njia hataukabili hivyo. Ukuta uko sambamba na barabara, naye anauona kwa ubavu, akiwa bado hajaufikia. Tuseme njia anayopita iko mita 8 kutoka ukutani, na anaanza kuutazama akiwa bado mita 30 kabla yake. Kwa pembe hiyo, herufi za mwanzo zinabanwa kwa upana hadi kubaki karibu robo. Urefu wa kwenda juu haubanwi hivyo. Herufi yako ya upana wa mita 1.7 anaiona kama ya sentimita 43, lakini kimo chake kiko palepale.

Fikiria sasa mwanya uliouacha kati ya herufi mbili. Kama ni sentimita 4, kwake yeye ni sentimita 1. Jicho zima kabisa, likiwa umbali wa mita 31, linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takribani sentimita 1 tu, tena kukiwa na mwanga mzuri na kitu kimetulia. Yeye yumo ndani ya gari, kioo kina vumbi, na gari likienda kilomita 50 kwa saa linameza karibu mita 14 kila sekunde. Kutoka mita 30 kabla ya ukuta hadi kuumaliza ana sekunde tatu hivi. Mwanya wa sentimita 4 kwake haupo. Herufi zako, hata zile ulizodhani umeziachanisha, kwake zimeshikana zote.

Ndiyo maana nasema mstari mnene wa nje hauponyi. Mstari wa nje hupita kwenye ukingo wa herufi, nusu ndani, nusu nje. Ukiufanya wa sentimita 8, unakula sentimita 4 za mwanya kutoka kila upande. Mwanya mdogo unazibika, jicho la R linajaa wino, na badala ya herufi nane unapata kitu kimoja cheusi chenye madoa ya rangi. Kinachosomeka kwenye neno ni nafasi: zile zilizo ndani ya herufi na zile zilizo kati ya herufi. Zigawe hizo kwanza, mtindo uingie baada yake.

Tuugawe ukuta. Chini acha sentimita 45 bila herufi, kwa sababu mvua ikipiga ardhi nyekundu ya Moshi tope linarukia ukuta, na baada ya msimu mmoja miguu ya herufi inakuwa rangi moja na udongo. Juu acha kama 35. Herufi zinabaki na kimo cha mita 2, ambacho kinakutosha sana. Kwa urefu, toa nusu mita kila mwisho, unabaki na mita 13. U, S, H, R, K na A zipe mita 1.7 kila moja: jumla 10.2. Zile I mbili zipe sentimita 60 kila moja: 1.2. Umetumia 11.4, imebaki mita 1.6 ya kugawa kwenye mianya saba.

Usiigawe sawasawa! Hapa ndipo neno hili lina mtego wake. Tazama katikati: H, I, R. Nguzo ya kwanza ya H, nguzo ya pili ya H, nguzo ya I, nguzo ya R. Ni nguzo nne zimesimama mfululizo, halafu baada ya R inakuja I nyingine ikifuatwa na nguzo ya K. Kwa mtu anayetazama kwa ubavu huo ni uzio wa miti, na hawezi kujua nguzo ipi ni ya herufi ipi. Kwa hiyo mianya minne inayozizunguka hizo I ipe sentimita 28 kila mmoja, ambayo ni 112. Zilizobaki 48 zigawie U na S, S na H, K na A, sentimita 16 kila pengo. Hapo ndipo utakapounganisha. Kwenye I, usiunganishe kwa upau hata kidogo. Upau wa H ukiurefusha hadi kwenye I, umeongeza mguu wa tatu. I ukiifunga na nguzo ya R kwa kipande cha katikati, umezaa H nyingine. Makosa hayo nimeyaona kwenye kuta nyingi za watu wenye mikono mizuri kuliko wangu.

Zaidi ya nafasi, hizo I zivunje uzio kwa nukta. Kwenye grafiti kuchanganya herufi kubwa na ndogo hakumshtui mtu, kwa hiyo chora i ndogo iliyokuzwa hadi kimo kilekile: nguzo ya mita 1.4, nafasi ya sentimita 20, halafu nukta ya 40. Nukta inaweza kuwa punje ya kahawa, tone, mbegu, chochote kinachohusu chama, ilimradi umbo lake lifunge vizuri na lisigusane na jirani. Na zile i mbili zifanane. Najua kwetu kurudia herufi ile ile kwa umbo lile lile huonekana uvivu, mwandishi anasifiwa kwa kuibadilisha. Kwa mpita njia ni kinyume chake: akiitambua ya kwanza, ya pili anaipata bure, na R iliyo katikati yao inajitokeza yenyewe.

Unene wa viungo vya herufi nao uugeuze. Kwa kuwa upana unabanwa na kimo hakibanwi, nguzo zinazosimama zitaonekana nyembamba kuliko pau zilizolala. Zipe nguzo sentimita 45 na pau 30. Ukikaa mbele ya karatasi utaona kama zimenenepa vibaya. Vumilia, shika karatasi uitazame kwa ubavu, zitakaa sawa. Kwa vipimo hivyo S ina pau tatu za 30, jumla 90, kwa hiyo matumbo yake mawili yana sentimita 55 kila moja. R, kama kichwa chake kinashuka sentimita 105, ina jicho la kimo cha 45. Ziandike namba hizo pembeni ya mchoro, tutazihitaji tukifika kwenye unene wa thrii-dii.

Umeniuliza kama herufi zinaweza kuungana. Kuna kugusana, kuna moja kupita mbele ya nyingine, na kuna herufi mbili kutumia nguzo moja. Hiyo ya mwisho iache kabisa kwenye kazi hii, kwa sababu msomaji akishaipa nguzo herufi ya kwanza, ya pili inabaki bila mguu. Ile ya kupita mbele ndiyo rafiki yako: herufi ya mbele inabaki nzima, ya nyuma inapoteza kipande kidogo ambacho si utambulisho wake. Kila unapotaka kuunganisha jiulize nikikifunika hiki, herufi bado ni ileile?

Kwa neno lako ningefanya hivi. Mkia wa chini wa S unaelekea kushoto, basi uache uende ukapumzike kwenye tumbo la U, chini kabisa. U haidhuriki, maana utambulisho wake ni nguzo mbili na chini iliyofunga. Ncha ya juu ya S iende kulia ijifiche nyuma ya nguzo ya kwanza ya H kwa sentimita chache, H ikiwa mbele. Usiipitishe ikatokea upande wa pili, kwa sababu itaanza kuifunga H juu na tutarudi kwa USAIRIRA. Kumbuka pia kwamba U na H zikitazamwa nusu ya juu ni nguzo mbili tupu, pacha. Upau wa H uwe wazi, katikati, bila mshale kuupitia.

Mguu wa R wenye mlalo unaweza kuteleza chini ya i ya pili, i ikaukalia kama kiti. Hii ni kati ya miunganiko mizuri sana kwenye neno zima, inakupa mwendo unaoutafuta. Ila ukomee katikati ya nguzo ya i. Ukitokeza upande wa kulia, nguzo ikisimama na mguu ukilala kwenda kulia, msomaji ameona L. Mwishoni, mguu wa chini wa K uingie nyuma ya mguu wa kushoto wa A, na mkono wa juu wa K uachwe wazi kabisa uelekee angani. A iwe na ncha. Ukiikata kichwa bapa na kuizungusha bega, unapata R. Kama unahitaji mishale, na naelewa unaihitaji, itoe pembeni ya neno: mmoja ukitoka mkia wa S kushuka chini ya U, mwingine ukitoka mguu wa kulia wa A kuelekea mwisho wa ukuta. Hapo pana nusu mita tupu kila upande na hakuna herufi ya kudhuru.

Utaona kwamba miunganiko karibu yote nimeiweka nusu ya chini, isipokuwa ile ncha ya S. Nusu ya juu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya utambulisho wa herufi zetu. Jaribu kwenye gazeti: funika nusu ya chini ya mstari, utasoma bila shida nyingi, kisha funika nusu ya juu uone utakavyohangaika. Kwa hiyo ukorofi wote unaoutamani, upeleke chini.

Sasa mistari ya nje na unene, ule ubavu wa giza unaozifanya herufi zionekane zimetokeza, wanaouita thrii-dii. Unene wengi huutupa kulia na chini kwa mshazari. Ukuta wako unatazamwa na magari yanayotoka pande zote mbili, na upana tayari unabanwa, kwa hiyo unene ukienda pembeni unakula mianya tuliyoihesabu kwa jasho. Utupe chini moja kwa moja, sentimita 18. Tumbo la S lenye 55 linabaki na 37, jicho la R lenye 45 linabaki na 27. Bado yanapumua. Ukishawishika kuufanya wa 40 ili herufi zionekane nzito, jicho la R limekufa, na R isiyo na jicho inaelekea kuwa K. Unene wote uwe wa rangi moja ya giza, tuseme zambarau iliyokolea au kahawia, bila kufifisha kutoka rangi hadi rangi.

Ujazo wa ndani ya herufi uwe mwangaza: njano, chungwa, kijani cha jani changa, unaweza kuzifuatanisha zikafifiana ukitaka, mradi zote zibaki upande wa mwangaza. Kosa la kawaida hapa ni kuamini kwamba rangi mbili tofauti zinaachana. Nyekundu na kijani ni tofauti sana kwa jina, lakini zikiwa na ukolevu sawa, kwa mbali zinayeyuka pamoja. Piga picha ya mchoro kwa simu, iweke nyeusi na nyeupe. Kama ujazo, unene na mandhari ya nyuma havitofautiani kwenye picha hiyo, havitatofautiana barabarani jioni. Unataka daraja tatu: herufi nyeupe-nyeupe, mandhari ya kijivu cha kati, unene na mstari wa nje vyeusi.

Mstari wa nje wenyewe sentimita 4 unatosha. Kwa mita 31 utaonekana bila shida kwenye pau zilizolala, na kwenye nguzo utasaidiwa na giza la unene na mandhari. Mahali herufi moja inapopita mbele ya nyingine, ongeza kidogo mstari wa herufi ya mbele, uwe 5 au 6, na wa ile ya nyuma uishie kwa kuguswa tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwambia mtu nani yuko mbele. Kisha mstari wa pili wa mwangaza, mweupe au bluu hafifu, uzungushe nje ya neno zima kama kundi. Usizungushe kila herufi peke yake, kwa sababu kwenye mianya ya 16 mistari miwili ya mwangaza itakutana na kuwa nguzo mpya nyeupe ambayo si ya herufi yoyote.

Mpangilio wa kazi: chora kwa rangi hafifu, jaza ujazo, weka mandhari, weka unene, halafu mstari wa nje, mwisho ule wa kuzunguka na vimulimuli, vile vialama vya mng'ao juu ya herufi. Ujazo na mandhari si lazima utumie kopo la kupulizia, rangi ya maji na rola vitakuokolea fedha nyingi kwenye mita za mraba 39 hizo. Mstari wa nje wa 4 kwa kopo unahitaji kichwa cha kati, mkono karibu na ukuta na mwendo wa haraka usiosita. Ukisita rangi inachuruzika. Ukingo ukitoka na ukungu, rudi na rangi ya ujazo uukate, kisha na rangi ya mandhari upande wa pili. Kuukata mstari ndiko kunakoufanya uwe mkali, hata kwa mabingwa. Vaa barakoa yenye chujio za mvuke wa kemikali, kitambaa cha mdomo hakizuii mvuke wa rangi.

Kuhamisha mchoro ukutani, projekta itakusumbua kama hakuna nafasi ya kurudi nyuma na barabara iko hapo. Tumia alama za ovyo: jaza ukuta mzima mikwaruzo, namba, nyuso, vitu visivyofanana, kwa rangi hafifu. Piga picha ukiwa umeukabili katikati, uweke mchoro wako juu ya picha hiyo kwenye simu ukiwa umeufifisha. Hapo unaona kwamba kona ya K inapita juu ya ile namba 7, na mguu wa A unakatiza lile jicho la samaki. Hutahitaji kupima mraba hata mmoja.

Kabla ya hayo yote, rudi kwa kamati na kipimo badala ya mabishano. Chapisha mchoro mpya ambapo herufi ya mita 2 ni sentimita 10, yaani moja kwa ishirini. Ubandike ukutani. Mita 31 za barabarani sasa ni kama mita 1.55, na zile mita 8 za ubavuni ni sentimita 40. Msimamishe mtu asiyejua neno hapo, pembeni hivyo hivyo, umfunulie kwa sekunde tatu, ufunike. Usimuulize kama inasomeka, watu wana adabu watakwambia ndiyo. Muulize imeandikwa nini. Fanya kwa watu watano wasio wachoraji, na uandike walichosema herufi kwa herufi. Wanne wakisema USHIRIKA, unayo kazi. Wakikosea, watakosea kwenye herufi ileile, nawe utajua cha kurekebisha.

Kuhusu mwenyekiti na herufi za bango la duka: zipo njia nyingine mbili, nizipime bila upendeleo. Moja ni kubaki na waildstaili yako kama ilivyo na kuandika USHIRIKA kwa herufi ndogo za kawaida chini yake. Wengi hufanya hivyo na kwa mujibu wa mkataba inatimiza. Mimi siipendi hapa, kwa sababu herufi za sentimita 25 chini ya ukuta ndizo za kwanza kufunikwa na tope na bodaboda zilizoegeshwa, na zikifunikwa mteja amebaki na ukuta usiosema kitu. Nyingine ni kuandika neno kwa herufi nene sahili, halafu waildstaili yako, mishale na miunganiko yote, ukaiweka nyuma kama mandhari kwa rangi mbili zilizokaribiana. Hii ni nzuri kuliko unavyodhani, na kama barabara ni ya magari ya kasi tupu pasipo watembea kwa miguu ningeichagua hiyo. Lakini kwako kuna watu wanaopita polepole kwa mguu, wanaopata muda wa kufuata mkia wa S na kugundua punje ya kahawa juu ya i. Ndiyo maana ningekwenda na herufi zilizounganishwa kwa vipimo nilivyokupa.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukuamulia kwa maandishi. Kama plasta ina unga mweupe unaochomoza au sehemu inayolia kama ina uwazi ndani ukiigonga, mwite fundi ujenzi aione kabla hujanunua kopo hata moja, kwani rangi itabanduka na ukuta huohuo hautakusubiri. Kama kuna waya za umeme karibu na paa na utapanda jukwaa, wasiliana na TANESCO kwanza. Barua ya chama inakuruhusu ukuta wao, haikuruhusu kupanga ngazi na makopo kwenye hifadhi ya barabara. Ulizia barabara hiyo iko chini ya TANROADS au TARURA, na halmashauri uwaulize kama neno USHIRIKA likiambatana na nembo ya chama litahesabiwa kuwa tangazo lenye ada. Majibu hayo mwachie mteja ayafuatilie kwa maandishi, kwa jina lake. Kwenye mkataba weka mchoro uliopimwa, wenye sahihi ya mwenyekiti, na sentensi moja kwamba marekebisho ya herufi baada ya hapo yanalipiwa.